Jinsi ya Kulinganisha Betri za Volti Tofauti: Weka mAh Kando, Tafuta Wh

Swali linaloulizwa tena na tena ni hili. Mtu ana pawabenki iliyoandikwa mAh 20,000, na dukani ameona betri kavu ya volti 12 iliyoandikwa ampea-saa 7, yaani mAh 7,000, ile nzito kama tofali dogo inayofungwa kwenye mageti ya umeme na kengele za ulinzi. Anataka kujua kama ni kweli pawabenki yake ni karibu mara tatu ya betri hiyo. Si kweli. Kwa nishati iliyohifadhiwa ndani, betri ya mAh 7,000 ndiyo iliyoizidi pawabenki ya mAh 20,000, na mwongozo huu unaeleza namna ya kulithibitisha jambo hilo mwenyewe, kisha namna ya kukadiria kifaa chako kitawaka kwa muda gani.

Kisa kimoja tu kitatumika tangu mwanzo hadi mwisho: rauta ya intaneti ya nyumbani inayotumia volti 12, ambayo unataka ibaki inawaka umeme unapokatika. Nimeichagua kwa sababu wauzaji huitafutia vifaa vya aina tatu vyenye volti tofauti, na wanunuzi wengi huvilinganisha kwa mAh peke yake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Andaa lebo za betri unazolinganisha, ama zenyewe ama picha zinazosomeka vizuri, maana maandishi muhimu huwa madogo sana na mara nyingi yako upande wa chini wa kifaa. Uwe pia na kikokotoo cha simu, karatasi, na lebo ya adapta ya rauta yako. Vifaa viwili vingine vinasaidia lakini si vya lazima: mita ndogo ya USB inayochomekwa kati ya pawabenki na kifaa, na mizani ya jikoni au ya dukani inayosoma gramu.

Nadharia inayotosha

Namba ya mAh inaeleza betri inaweza kutoa mkondo kiasi gani kwa muda gani. Betri ya mAh 7,000 inaweza, kwa hesabu ya karatasini, kutoa miliampea 350 kwa saa 20. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu volti ambazo mkondo huo unasukumwa nazo, na kazi inayofanyika hutegemea vyote viwili. Ni sawa na kuhesabu noti bila kutazama thamani yake: noti 20 za shilingi 2,000 ni nyingi mkononi, lakini noti 7 za shilingi 10,000 zinanunua zaidi. Wati-saa, yaani Wh, ndiyo hesabu ya fedha zenyewe, na hupatikana hivi:

```
Wh = mAh × V ÷ 1000
```

Uthibitisho mzuri zaidi ni kuchukua seli tatu za lithiamu zinazofanana, kila moja ikiwa na volti 3.7 na mAh 2,600. Ukiziunganisha sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, utapata betri ya volti 3.7 yenye mAh 7,800. Ukiziunganisha kwa mfululizo, chanya ya moja ikigusa hasi ya inayofuata, utapata betri ya volti 11.1 ambayo mAh yake imebaki 2,600, kwa kuwa mkondo uleule unapita katika seli zote. Fanya hesabu ya Wh kwa kila mpangilio na utapata 28.86 kote kuwili. Hakuna kilichoongezeka wala kupungua, na seli ni zilezile tatu, lakini kiwanda kimoja kinaweza kuandika 7800mAh kwenye boksi na kingine 2600mAh, na mnunuzi asiyetazama volti atalipa zaidi kwa la kwanza.

Hatua za kufuata

1. Tafuta Wh iliyokwisha kuandikwa. Kabla ya kukokotoa chochote, igeuze betri na uisome yote. Betri nyingi za lithiamu za simu, kompyuta mpakato na pawabenki zina Wh kwenye lebo, kwa sababu kanuni za usafirishaji wa betri hizo zinaidai. Mashirika ya ndege huruhusu kwa kawaida pawabenki isiyozidi Wh 100 katika mzigo wa mkononi, na kati ya Wh 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika lenyewe. Ndiyo maana utakuta pawabenki nyingi zikiishia mAh 26,000 au 27,000. Kwa volti 3.7, mAh 27,000 ni Wh 99.9. Ukiikuta Wh, iandike kwenye karatasi, lakini bado pitia hatua ya 2 na ya 3 ili ujue kama inaafikiana na namba nyingine za lebo.

2. Tambua volti za seli, si volti za tundu. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo usiharakishe. Lebo ya pawabenki ina volti za aina mbili. Za kwanza ni volti za seli zilizomo ndani, ambazo kwa lithiamu ya kawaida huandikwa 3.6, 3.7 au 3.85. Za pili ni volti zinazotoka kwenye tundu, ambazo ni 5, na kwa zile zinazochaji haraka pia 9 au 12. Namba kubwa ya mAh iliyochapwa kwenye boksi imepimwa kwa volti za seli. Ukiizidisha kwa volti za tundu, unaipa betri nishati ambayo haina.

Onyo: UPS ndogo za rauta, yaani viboksi vyenye betri ndani vinavyoiwasha rauta umeme ukikatika, zinanasa watu wengi. Utaona imeandikwa 10400mAh juu, na chini yake kwamba inatoa 12V. Mtu anazidisha 10,400 kwa 12 na kupata karibu Wh 125. Ukifungua kifuniko unakuta seli nne za mAh 2,600, volti 3.7 kila moja, na namba ya 10,400 imepatikana kwa kujumlisha mAh za seli zote kana kwamba ziko sambamba, iwe ziko hivyo au haziko. Nishati halisi ni 10,400 × 3.7 ÷ 1,000, yaani Wh 38.48. Aliyetumia volti za tundu amejipunja zaidi ya mara tatu.

Onyo lingine: usitumie volti 4.2, ambazo ni volti za seli ya lithiamu ikiwa imejaa kabisa. Kadiri betri inavyotumika, volti hushuka, na volti ya kawaida ya 3.7 ndiyo wastani unaofaa kwa hesabu hii. Kwa betri ya risasi na asidi, ambayo ndiyo aina ya betri kavu ya kisa chetu, tumia 12. Kwa lithiamu ya fosfati ya chuma inayouzwa kwa ajili ya sola, tumia 12.8, au 3.2 kwa seli moja.

3. Kokotoa Wh ya kila betri. Weka zote kwenye karatasi moja, kwa mpangilio uleule. Kwa kisa chetu cha rauta, vifaa vitatu vinatoka hivi:

- UPS ndogo ya mAh 10,400, volti 3.7: Wh 38.48
- Pawabenki ya mAh 20,000, volti 3.7: Wh 74
- Betri kavu ya mAh 7,000, volti 12: Wh 84

Kwa mAh, pawabenki ilikuwa ya kwanza na betri kavu ya mwisho. Kwa Wh, betri kavu imepanda hadi juu, na UPS ndogo, iliyoonekana kuishinda betri kavu, imebaki na chini ya nusu yake.

4. Ondoa nishati isiyokufikia. Wh ya lebo ni ile iliyomo kwenye betri, nawe unataka kujua inayofika kwenye rauta. Seli za volti 3.7 haziwezi kuendesha kifaa cha volti 12 bila saketi ya kupandisha volti, na saketi hiyo hupoteza sehemu ya nishati kama joto. Ndiyo sababu pawabenki hupata uvuguvugu inapofanya kazi. Kwa UPS ndogo nzuri, kadiria kwamba asilimia 85 ndiyo itakayotoka, yaani Wh 32.7.

Kwa pawabenki, usikadirie kama lebo imeshakujibu. Tafuta mstari mwingine wenye mAh pungufu, kwa mfano 12000mAh ikifuatiwa na 5V ndani ya mabano. Huo ndio uwezo unaotoka kwenye tundu, na kwa kuwa umetajwa pamoja na volti zake, unazidishwa kwa 5: Wh 60. Watu hulalamika kwamba wameibiwa mAh 8,000, ilhali sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni mabadiliko ya volti tu. Wh 74 kamili, kwa volti 5, zingekuwa mAh 14,800 hata kama hakuna kilichopotea. Kilichopotea kweli ni Wh 14. Halafu rauta yetu ni ya volti 12, kwa hiyo utahitaji kebo maalumu inayopandisha volti 5 hadi 12, nayo itachukua chake. Kwa asilimia 85 tena, zinabaki Wh 51.

Betri kavu haihitaji kupandishiwa volti, lakini ina kizuizi cha aina nyingine. Betri ya risasi inayomalizwa mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo fundi mwangalifu hupanga kutumia nusu yake tu. Nusu ya 84 ni Wh 42. Tena, ampea-saa 7 zilizoandikwa kwenye betri hizi kwa kawaida zimepimwa kwa kuitoa polepole kwa saa 20, na ukiivuta kwa nguvu, itatoa pungufu ya hizo. Rauta haivuti kwa nguvu, kwa hiyo katika kisa hiki hasara hiyo ni ndogo. Kwa anayetaka kuwashia televisheni kubwa kupitia inveta, si ndogo hata kidogo.

Onyo: usiiunganishe rauta moja kwa moja na betri kavu ambayo wakati huohuo inachajiwa. Chaja huipandisha betri hiyo hadi karibu volti 14 na zaidi, na si kila rauta ya volti 12 inavumilia. Weka kidhibiti cha volti katikati.

5. Pima wati za kifaa chenyewe. Adapta ya rauta ikiandikwa 12V 1A, maana yake ni kwamba inaweza kutoa hadi wati 12, si kwamba rauta hula wati 12 muda wote. Kwa mfano wetu, tuseme kipimo kimeonyesha ampea 0.58 kwa volti 12, yaani wati 7 hivi. Usipokuwa na kipimo, tumia namba ya adapta ukijua kwamba muda utakaoupata kwenye karatasi utakuwa mfupi kuliko wa kweli. Ni afadhali kukosea upande huo.

6. Gawanya Wh inayofika kwa wati. Jibu linatoka moja kwa moja kwa saa:

- UPS ndogo: 32.7 ÷ 7, karibu saa 4 na dakika 40
- Pawabenki na kebo yake: 51 ÷ 7, saa 7 na robo hivi
- Betri kavu iliyotumika nusu: 42 ÷ 7, saa 6

Sasa linganisha na hesabu ya mtaani, ambayo hugawanya mAh kwa miliampea za kifaa. UPS ya 10,400 kwa rauta inayovuta miliampea 580 ingesemekana kuwaka karibu saa 18. Mnunuzi anaiwasha usiku, anaikuta imezima kabla ya alfajiri, na anairudisha dukani akidai seli ni bovu. Seli ni nzima. Miliampea 580 za rauta zilipimwa kwa volti 12, mAh 10,400 za seli zilipimwa kwa volti 3.7, na mbili hizo hazigawanyiki.

Utaona pia kwamba pawabenki imemaliza ikiwa mbele ya betri kavu, ingawa kwa Wh ya lebo ilikuwa nyuma. Hakuna mgongano hapo. Wh inakupa mahali pamoja pa kuanzia kwa betri zote. Hasara za kila aina unaziondoa baadaye, ukiziona, moja baada ya nyingine. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba ile tofauti ya karibu mara tatu aliyoidhania muulizaji imegeuka kuwa saa moja na robo.

7. Hakiki lebo kwa mizani. Hatua hii ni kwa wanaonunua vifaa visivyojulikana vimetoka wapi. Seli za lithiamu zilizomo katika bidhaa za kawaida haziendi mbali sana na Wh 250 kwa kilo moja. Kwa hiyo pawabenki ya Wh 74 inahitaji seli za karibu gramu 300, kabla ya kuhesabu ganda na saketi, na nyingi zilizo za kweli huwa na gramu 350 hadi 450. Ukishika inayodai mAh 50,000, hiyo ni Wh 185, na seli zake peke yake zingepaswa kukaribia gramu 740. Ikiwa mizani inasoma gramu 250, lebo imesema uongo, na hesabu zote za hatua zilizotangulia hazina kazi kwa kifaa hicho.

Usichoweza kukijua kwa Wh peke yake

Wh haikuambii kama betri inaweza kutoa nguvu ya kutosha kwa wakati mmoja. Pawabenki ya Wh 74 ambayo tundu lake linatoa volti 5 na ampea 2 haiwezi kutoa zaidi ya wati 10, kwa hiyo haitachaji kompyuta mpakato inayohitaji wati 45, hata kama betri ya kompyuta hiyo ni ya Wh 41 tu na kwa nishati ingetosha. Soma wati za tundu kando na Wh, na usilichukue jibu la moja kuwa jibu la nyingine.

Mambo yakikataa

*Lebo ina mAh lakini haina volti.* Kwa simu, pawabenki na spika ndogo, chukua 3.7, kwa kuwa karibu zote hutumia lithiamu ya kawaida. Kwa betri ya kifaa cha ufundi kama drili, usikisie. Volti zake zinaweza kuwa 10.8, 18 au nyingine, na kosa lake ni kubwa. Mtake muuzaji aonyeshe maelezo ya kifaa, au betri hiyo uiache nje ya ulinganisho.

*Wh ya lebo haiendani na mAh mara volti.* Tofauti ndogo husababishwa na kutumia 3.6 au 3.85 badala ya 3.7. Kwa mfano, betri ya simu ya mAh 5,000 ni Wh 18.5 kwa 3.7, na Wh 19.25 kwa 3.85. Tofauti ikiwa kubwa, gawanya Wh kwa mAh, zidisha kwa 1,000, na utazame volti inayotoka. Ikitoka 5, aliyeandika lebo alizidisha kwa volti za tundu. Ikitoka namba isiyofanana na betri ya aina yoyote, kama 2 au 8 kwa pawabenki, usiiamini namba yoyote ya lebo hiyo.

*Mita ya USB inaonyesha mAh tofauti kila unapopima pawabenki ileile.* Angalia ulipima kwa volti ngapi. Pawabenki ya Wh 74 inayotoa Wh 62 itaonyesha takribani mAh 12,400 ukiipima kwa volti 5, na takribani mAh 6,900 ukiipima kwa volti 9 za kuchaji haraka. Mita si mbovu. Badilisha ukurasa wa kioo hadi usome Wh au mWh, na vipimo viwili vitakaribiana. Kama Wh nazo zinatofautiana sana, hakikisha pawabenki ilikuwa imejaa kabla ya kila kipimo.

*Rauta inazima mapema kuliko hesabu ingawa lebo ni ya kweli.* Betri ikiwa ya zamani, uwezo wake umeshapungua, na lebo haibadiliki. Kwa betri kavu, pima volti zake ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa bila mzigo: ikiwa inakaa karibu na 12.7, ni nzima kwa kipimo hicho. Ikiwa haifiki 12.4 hata baada ya chaji ndefu, imechoka. Kwa UPS ndogo, gusa kebo na plagi inayoingia kwenye rauta. Plagi iliyolegea hupata joto na kuangusha volti, na rauta itajizima na kujiwasha huku betri ikiwa bado na chaji nyingi.

*Pawabenki inajizima yenyewe ingawa imejaa.* Hili halihusiani na Wh. Pawabenki nyingi hukata umeme zikiona mkondo unaovutwa ni mdogo sana, zikidhani simu imejaa. Rauta ya wati 7 kwa kawaida huvuta vya kutosha kuizuia isikate, lakini kifaa kidogo zaidi, kama taa moja ya LED, huenda kisifike kiwango hicho, na itabidi utafute pawabenki yenye hali ya mkondo mdogo.